Kimya cha Irondo

Sura ya Tano

Ziwa lilikuwa limelala mchana ule. Upepo ulikuwa umekata tangu asubuhi, na mbali kule, maji yanapokutana na mbingu, mawingu ya vidudu vya ziwani yalisimama wima kama moshi wa majiko ya watu wasioonekana. Inspekta Kashindye wa idara ya upelelezi alisimama kwenye ngazi za kiwanda cha minofu, kofia kwapani, akiitazama boti ya kukodi ikija polepole mno hata ungedhani haiji. Ndani yake walikuwamo askari wake wawili waliovaa kiraia, betri moja ya gari, na mtu aliyekuwa akitafutwa na Mwanza nzima, au tuseme na ile sehemu ya Mwanza inayoishi kwa sangara.

Mtu huyo aliitwa Zadok. Alikuwa karani wa simu ya upepo katika kisiwa cha Irondo, ambako kampuni ilikuwa na kituo cha kukusanya samaki. Miaka hiyo biashara huria ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa milango, viwanda vya minofu vinaota ufukweni, na visiwa ambavyo zamani havikuwa na mwenyewe vikapata ghafla mizani, barafu na karani. Kazi ya Zadok ilikuwa kuiita ofisi ya Mwanza kila asubuhi na kutaja samaki waliopatikana, boti inayoondoka, mashine iliyofungwa botini humo, na njia itakayopita.

Sasa Irondo ilikuwa imenyamaza kwa zaidi ya wiki. Katikati ya kimya hicho, boti iliyotumwa kwenda kumtafuta karani ikavamiwa kwenye njia ya kati ya mawe. Wezi waling'oa mashine, wakamkata nahodha panga la bega na kumtupa majini. Wavuvi wakamwokota akiwa hai kwa shida. Yuko wodini, homa imemshika, na maneno yake bado hayajakaa sawa.

"Mfungeni tu, mambo yaishe," alisema Machibya, meneja wa kiwanda, ambaye alikuwa amekuja kusimama kando ya inspekta na leso mkononi. "Boti zangu nne zimetekwa tangu mvua zianze, na zote ni za njia ya Irondo. Karani ananyamaza, halafu majambazi wanaijua njia ya boti kama wamechorewa. Unataka ushahidi gani tena, afande?"

"Nataka wa kunitosha mimi," alisema Kashindye. "Wako naona umeshakutosha."

Machibya akaguna, akaenda zake. Kashindye hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kituoni walimtania kwamba akiulizwa saa huanza kwa kutafuta miwani. Lakini alijua kwamba jioni ile mkubwa wake angetaka jibu moja, na kama maelezo ya karani yasingeshika, kijana yule angesomewa shitaka la unyang'anyi wa kutumia silaha. Shitaka hilo halina dhamana, na ukipatikana na hatia ni miaka thelathini. Zadok alionekana hajafika hata huo umri wenyewe.

Boti ikagusa ngazi. Makorongo waliokuwa wamesinzia juu ya paa wakageuza shingo, wakaona si samaki, wakaendelea kusinzia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Karibu Mwanza."

Kashindye akampa mkono, naye akaupokea. Hapo inspekta akahisi kitu, akaugeuza ule mkono juani kana kwamba anamjulia hali mwenyewe. Kiganja kilikuwa kimejaa malengelenge, mengine yamepasuka, mengine yamekauka. Mkono wa karani anayekaa na kipaza sauti hauna sababu ya kuwa hivyo. Mkono wa mtu aliyepiga kasia kutwa nzima unayo.

"Pole na mikono," alisema.

"Ah, kazi za kisiwani," alijibu Zadok, akaificha mfukoni.

Kashindye akaliweka hilo pembeni. Njia ya kati ya mawe inafikika kwa mtumbwi kutoka Irondo. Kama karani alikuwa pale siku boti ilipovamiwa, Machibya alikuwa amesema kweli.

---

Chumba cha simu kilikuwa juu ghorofani, kidogo, chenye dirisha moja linalotazama ziwa. Mezani palikuwa na chombo chenyewe, kisanduku cha rangi ya majivu chenye taa ya kijani, na chini ya meza betri yake. Kutoka dirishani waya wa antena ulivuka uwanja hadi kwenye mlingoti wa mbali. Chombo kilikuwa kimewashwa, sauti imepunguzwa, kikipumua ule mvumo wake wa siku zote, shhhh, kama mvua ya mbali isiyofika. Mtu akikaa humo kwa muda macho yenyewe huanza kulegea.

Pale mezani alikaa Evelina. Ndiye aliyekuwa sauti ya Mwanza kwa visiwa vyote. Ndiye pia dada wa Antoni, yule nahodha aliyelala wodini.

Alipoona mlango unafunguka alisimama, kisha akakosa la kufanya. Miaka mitatu yeye na Zadok wamesalimiana kila asubuhi, wakaambiana habari za mvua, za bei ya dagaa, za ndoto walizoota. Lakini walikuwa wameonana kwa macho mara mbili tu. Sasa alimtazama kijana mwembamba mwenye shati lililochafuka mabegani, akawa kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka ile sauti anayoijua.

"Kumbe u mzima," alisema.

"Ni mzima, Eve."

"Basi nieleze."

Kashindye akavuta kiti hadi kwenye kona, akajimiminia chai ya chupa iliyokuwa hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake. Askari humuuliza mtu kile anachotaka kukithibitisha. Aliyepoteza usingizi kwa ajili ya mtu huyo huuliza kila kitu, na huyo ndiye anayefaa kuachiwa uwanja.

"Betri ilikufa," alisema Zadok. "Unajua mawingu yalivyotanda. Sola bila jua ni ubao tu. Asubuhi moja nimeamka, nawasha, hata taa haikuwaka. Chombo kizima kimekuwa jiwe."

"Si una betri ya pili?"

"Ile iliharibika zamani, nilikwambia. Tukasubiri nyingine mpaka leo."

"Ungemtuma mtu."

"Kwa boti gani, Eve? Boti ya kampuni haiji Irondo mpaka niite niseme samaki wapo. Nisipoita haiji. Na wavuvi baada ya mambo yale ya kutekwa hawavuki tena, wanatega humo humo ufukweni. Samaki wameharibika, wengine tumewatia chumvi. Nimekaa pale kama mtu aliyefungiwa nje ya dunia."

Maneno yalitoka vizuri, kila moja nyuma ya mwenzake. Yalikuwa ya mtu aliyepata muda mrefu wa kuyapanga botini. Kashindye alipuliza chai yake.

"Na kusikia je?" aliuliza. "Ulikuwa unasikia wenzako wanavyoitana?"

"Nitasikiaje, afande, chombo kimekufa? Sikusikia hata mbu humo ndani."

Evelina alikaa. Uso wake ulikuwa umechoka, na sasa uchovu ule ukawa unageuka hasira, kama inavyokuwa kwa mtu anayempenda mwenzake akishaona hajafa.

"Nimekuita kila asubuhi," alisema. "Nimekuita mchana, hewa ikiwa na kelele, hata haifai kuita. Wenzetu wa visiwa vingine wakaanza kunihurumia. Karani mmoja wao aliniambia, dada pumzika, yule ameshaondoka. Nikamwambia wewe ndiye uondoke kwenye chaneli yangu. Usiku silali. Nikilala naota nakuita, na wewe upo karibu kabisa, unanitazama tu hunijibu. Unajua ilivyo hiyo?"

Zadok akainamisha kichwa. Chombo kikaendelea kupumua. Nje, moja ya yale mawingu ya vidudu lilikuwa limeanza kuinama kuelekea mjini, kwa utaratibu wa kitu kisicho na haraka.

"Pole, Eve," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nimekutesa. Na jino limepoa?"

"Limeng'olewa," alisema Evelina, akagusa shavu. "Jumamosi."

Kashindye akaacha kupuliza chai. Alikunywa hadi nusu kikombe, akakiweka chini, akaipapasa miwani yake mfukoni na kuivaa.

---

"Binti," alisema, "mimi mambo ya mitambo si yangu. Hebu nifundishe kidogo. Hicho chombo kinakula sana?"

Evelina alishangaa kuulizwa, lakini hakuna mtu wa simu asiyependa kuulizwa juu ya simu. "Inategemea, mzee. Kikiwa kinasikiliza tu kinakula kidogo, hata kutwa. Ila ukibonyeza hiki kitufe cha kipaza ukaanza kusema, ndipo kinapomeza. Kinameza mara ishirini ya kile cha kusikiliza, au zaidi. Ndiyo maana tunafundishwa tuseme kwa kifupi."

"Na betri ikiwa dhaifu?"

"Itakudanganya. Utasikia vizuri kabisa, kila mtu yupo. Ukibonyeza kujibu, taa inafifia, chombo kinazimika. Ukiachia, kinarudi, unawasikia tena. Wewe unawasikia, wao hawakupati."

"Vizuri. Sasa tuifunge ile betri ya Irondo hapa, tuone hilo jiwe."

Zadok aliinua macho, akayashusha. Askari mmoja akaipandisha betri. Evelina akafungua vibano vya betri yake, akafuta ncha za ile ya kisiwani kwa kitambaa, akafunga chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi. Akawasha.

Taa ya kijani ikawaka. Hafifu, lakini ikawaka. Shhhh ikarudi chumbani, na ndani yake, mbali sana, mwanamume fulani alikuwa akisoma uzito wa samaki kwa sauti ya kusinzia. Evelina alichukua kipaza, akabonyeza. "Mwanza hapa, najari..." Taa ikazama, chumba kikawa kimya kabisa. Akaachia. Taratibu taa ikainuka, na yule mwanamume akarudi akisoma uzito wake kana kwamba hakuna lililotokea.

Evelina alibaki amekishika kipaza, anaitazama ile taa.

"Haijafa," alisema.

"Haijafa," alisema Kashindye. "Jino lilianza kukuuma lini?"

"Jino?"

"Hilo lililong'olewa."

"Wiki iliyopita. Alhamisi." Akasita. "Irondo ilikuwa imeshanyamaza."

"Nani alijua?"

"Mama. Daktari. Na asubuhi hiyo hewani nili..." Aliweka kipaza mezani. "Nilimwambia Zadok anisamehe nikisema kama nina ugali mdomoni, jino linaniuma. Nilimwambia, ingawa hajibu. Nilikuwa namwambia kila kitu, mzee. Nilidhani naiambia hewa."

Sauti ya usingizi ilimaliza kusoma, ikasema asante, ova, ikatoweka.

"Ulinisikia," alisema Evelina. "Zadok. Siku zote hizo ulikuwa unanisikia."

Kijana alikuwa ametoa mikono mfukoni na kuiweka magotini, viganja juu. Hakumtazama. Alimtazama Kashindye.

"Afande, naomba dada atoke kwanza. Nikishakwambia wewe, uamue mwenyewe kama utamwambia."

"Sitoki," alisema Evelina.

"Eve, nakuomba."

"Nimesubiri kukusikia muda wote huo, leo unaanza kusema ndio unanitoa? Sitoki hata kwa pingu."

Kashindye akavua miwani. Angeweza kuamuru. Lakini alikuwa ameanza kuona kwamba lile alilokuwa akilificha kijana huyu halikuwa limefichwa kwa ajili ya polisi.

"Acha akae," alisema. "Anza mwanzo. Kwa nini ulinyamaza?"

---

Zadok alieleza kwa sauti ya chini, na mara hii maneno hayakuwa yamepangwa.

Boti ya kwanza ilipotekwa alidhani ni bahati mbaya, na ya pili alidhani ni uzembe wa nahodha. Kati ya ya pili na ya tatu kuna boti moja ambayo aliisahau. Watoto wa jirani walikuwa na homa, alikuwa amekwenda kusaidia, asubuhi hiyo hakuitaja boti hewani. Boti hiyo ilipita palepale, ina mashine kubwa kuliko zote, ikafika salama. Aliyoitaja baada yake ikatekwa. Ndipo akakaa nje ya kibanda chake akaangalia maji mpaka jua likazama. Akaelewa kwamba kuna mtu amekaa mahali anamsikiliza. Kila asubuhi, kwa heshima zote, yeye Zadok alikuwa akimpelekea mtu huyo habari ya boti, ya mashine na ya njia.

"Chaneli ni ya wote," alisema. "Mwenye chombo anasikia. Na mwaka jana kuna boti ya kampuni iliyoibwa ikiwa na chombo chake cha simu."

Kashindye aliikumbuka. Jalada lake lilikuwa kituoni likila vumbi.

"Kwa hiyo nikanyamaza. Nikasema nisipotaja boti, hawana cha kuteka. Na hawakuteka. Ila nilitaka kuwajua. Nikaacha chombo wazi, mchana na usiku, nasikiliza tu. Mtu akijua chaneli ni tupu hujisahau."

"Ndicho kilichomaliza betri," alisema Evelina polepole. "Kusikiliza kutwa kucha, na jua hakuna."

"Ndicho."

"Uliwasikia?" aliuliza Kashindye.

"Mara moja, mchana, saa ambazo hakuna anayeita. Mmoja aliuliza, 'Kisiwa kimekufa?' Mwenzake akajibu, 'Kimekufa.' Basi. Ilikuwa kama sauti za ndotoni, afande. Nilikaa nikijiuliza kama sijaota."

"Ungenipa ishara," alisema Evelina. "Neno moja."

"Sikujua sikio liko wapi. Lingeweza kuwa humu humu ofisini."

"Hata mimi ulinishuku?"

"Siku ya kwanza, ndiyo. Kisha nikakusikia unavyoniita. Baada ya hapo hapana, Eve. Lakini ningekujibu wewe ningekuwa nimewajibu na wao."

Evelina aligeuka dirishani. Iliumiza, na uso wake haukujaribu kuficha kwamba imeumiza. Lakini aligeuka tena.

"Sawa. Hilo nimelielewa," alisema. "Sasa mbona umekuja hapa kudanganya? Jambo la kukusifia ndilo ulilolificha? Wanataka kukufunga, Zadok. Ungesema tu hivi."

Kashindye alitazama vile viganja vilivyolala magotini. Akakumbuka mtumbwi na njia ya kati ya mawe, akaunganisha, na alipounganisha akatamani kwa dakika moja angekuwa amemtoa yule binti nje.

"Ulipiga kasia kwenda wapi?" aliuliza, kwa upole zaidi kuliko alivyozoea.

"Kumkuta Antoni."

Chumba kizima kikawa kama kimesogea mbali. Evelina alikuwa amekishika kipaza tena bila kujua.

"Nilimtaja hewani," alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Nilikuambia usikate tamaa, kesho asubuhi mdogo wangu anakuja kukufuata. Nikataja mashine. Nikasema atapita njia fupi, ya kati ya mawe, ili afike mapema. Nilitaka usikie ujue kuna mtu anakuja. Mimi ndiye niliyewaambia."

"Nilibonyeza," alisema Zadok. Sasa alikuwa akimtazama yeye peke yake. "Eve, ulipoanza tu kumtaja nilibonyeza. Nikasema, usiseme, Eve, usiseme njia. Taa ikazama. Nikaachia, nikakusikia unataja mashine. Nikabonyeza tena. Ikazima. Nikatoa vibano, nikavikwangua, nikavirudisha. Nilipowasha nikakusikia unasema, 'Safari njema, ova.' Betri ilikuwa imebakiwa na masikio tu. Nikachukua mtumbwi alfajiri. Nilipofika karibu na yale mawe niliona boti mbili mbali, kisha nikasikia mashine inaondoka. Nilizunguka pale mpaka jioni namwita. Nilidhani ameshazama. Mpaka leo askari wako waliponiambia yuko hospitali."

"Na ukaamua kusema chombo kilikufa kabisa."

"Nikisema nilikuwa nasikia, angeuliza kama nilimsikia akimtuma mdogo wake. Na akishauliza hilo atajua mwenyewe." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nikaona afadhali anichukie kwa kunyamaza."

Evelina alilia. Alilia wazi, bila leso, kama wanavyolia watu waliojizuia kwa muda mrefu. Kashindye alisimama, akaenda kuusukuma mlango ambao ulikuwa umefungwa tayari. Kazini alikuwa amewasikia wengi wakidanganya ili waokoke. Huyu alikuwa amedanganya, na uongo wake ulikuwa unampeleka gerezani. Alijisikia kumpenda kijana yule kama mtoto wake.

Lakini kupenda si ushahidi. Alikuwa na maelezo ya mtu mmoja, na sauti mbili zilizosikika mchana na mtu aliyekuwa nusu usingizini. Hakimu angecheka, na Machibya angecheka zaidi.

Alitazama saa ya ukutani, akatazama ziwa. Ilikuwa saa nane na nusu, wakati ambao hakuna anayeita.

"Nani ameona Zadok akishuka hapa?" aliuliza.

"Meneja, na wabeba mizigo," alisema askari aliyesimama mlangoni. "Botini tulimfunika turubai tangu Irondo, afande. Ziwani hakuna aliyemwona."

"Mwambie meneja nimemkamata na anapelekwa mahabusu. Aseme apendavyo hapa mjini, habari haitavuka maji kabla ya kesho. Lakini kwa watu wa ziwani," aligeuka kwa Evelina, "kisiwa bado kimekufa. Au sivyo, binti?"

Evelina aliacha kulia. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na macho yake yaliyolowa yalianza kuona anachokiona inspekta.

"Unataka niite," alisema.

"Nataka uite kama ulivyokuwa ukiita. Useme kesho asubuhi kuna boti nyingine inakwenda kumtafuta. Mashine mpya kabisa. Njia ileile. Ndani yake nitakaa mimi na vijana wangu chini ya hilo turubai." Akamtazama Zadok. "Wewe kaa hapo. Usikohoe."

"Wataamini?" aliuliza Zadok. "Baada ya Antoni?"

"Wataamini kwa sababu ni yeye," alisema Kashindye. "Wamemsikia akilia kwa ajili yako muda wote huo. Mimi ningeamini."

Evelina aliondoa ile betri dhaifu, akafunga ya kwake. Taa ikawaka kwa nguvu. Akavuta kiti, akakaa, magoti yake yakawa karibu kugusa magoti ya Zadok, maana chumba kilikuwa kidogo. Akafuta mashavu. Akabonyeza.

"Irondo, Irondo, hapa Mwanza. Irondo, Irondo, unanisoma? Ova."

Akaachia. Shhhh. Ziwa lote lilikuwa mle ndani, na hakuna mtu.

"Irondo, hapa Mwanza. Sikusikii, lakini nasema tu kabla sijazima chombo. Zadok, kesho alfajiri kuna boti inakuja kukutafuta. Meneja ametoa mashine mpya yenye nguvu za farasi arobaini. Watapita njia fupi, ileile ya kati ya mawe, maana wana haraka." Sauti yake ilitetemeka, na Kashindye aliyeomba igizo aliona kwamba hakuna igizo. "Jino limeshang'olewa, halinisumbui tena. Antoni anaendelea. Leo asubuhi alikunywa uji. Nilikuwa nimekukasirikia, sasa sijakukasirikia. Kama upo unanisikia, Zadok..."

Akamtazama usoni. Kwa miaka mitatu sauti ile ilipotaja jina lake Zadok alikuwa amejibu, na mdomo wake ulikuwa umezoea. Ukafunguka. Pumzi ikaingia. Kidole cha Evelina kilikuwa bado kwenye kitufe.

Kwa mkono wake wa pili akamziba mdomo.

"...usinijibu," alisema kwa upole. "Ukinisikia inatosha. Ova."

Akaachia kitufe. Mkono mwingine hakuuondoa. Wakakaa hivyo wote, na inspekta na askari wake mlangoni, wakisikiliza ile mvua isiyofika. Kashindye alihesabu pumzi zake hadi akapoteza hesabu.

Kisha, mbali, ndani ya mvumo, mtu alikohoa.

"Kisiwa bado kimekufa?"

Sauti nyingine ikachelewa kidogo, kama mtu anayetafuna.

"Kimekufa. Kesho, pale pale."

Zadok alifumba macho, na Evelina akahisi machozi ya kijana yanateremka juu ya vidole vyake.